Vazi la Kumwaga Mstaafu: Furaha ya Kitambaa, Heshima ya Mshono

Sherehe ya kumwaga mfanyakazi anayestaafu, katika miji ya Kitale na Bungoma, huwa na sehemu mbili ndani ya siku moja. Mwanzo wake ni shughuli ya ofisi: sala, hotuba za wakuu, historia ya utumishi wa mstaafu, kisha zawadi. Baada ya chakula meza husogezwa, muziki hupandishwa, na watu wale wale waliokuwa wamekaa wima mbele ya mkuu wao huinuka kucheza naye. Hakuna anayerudi nyumbani kubadilisha nguo. Vazi moja lazima lifae pande zote mbili, na ugumu wa kulichagua unatokana na hapo.

Njia iliyo salama ni kuiacha furaha ibebwe na kitambaa, na heshima ibebwe na mshono. Rangi na maua yanaweza kuwa makali kadiri mvaaji apendavyo, mradi mkato uwe ule ambao angeingia nao kwenye mkutano wa wafanyakazi bila mtu kugeuka. Sababu yake ni kwamba rangi huzoeleka upesi. Gauni la manjano na buluu huvuta macho mlangoni, lakini hotuba ya pili ikianza hakuna anayelitazama tena. Mkato mbaya hauzoeleki, kwa kuwa husogea pamoja na mwili: kila mvaaji anapoketi, kuinama au kuinua mkono, kosa hujitokeza upya. Ndiyo maana gauni jeusi la ofisi lililokatwa kwa kubana na kufupishwa huharibu pande zote mbili. Halina furaha, na heshima yake imekwisha kuondoka.

Mahali napo pana sauti katika jambo hili. Mwaka 2023 suti ya Kaunda, iliyopata jina lake kwa Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, ilienea Kenya baada ya Rais William Ruto kuonekana nayo mara kwa mara. Novemba mwaka huo huo Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, ambaye ni mwana wa Bungoma na aliwahi kuwa seneta wa kaunti hiyo, aliipiga marufuku bungeni pamoja na mavazi ya kiasili, akataka wanaume wavae koti, shati lenye kola na tai. Nguo ile ile ilipendeza Ikulu na ikakataliwa bungeni. Chini ya hema la kumwaga mstaafu inakaribishwa vizuri, kwa sababu ina kola na vifungo vya ofisi bila ukavu wa tai. Mwanaume asiyetaka suti hiyo huvaa shati la kitenge na suruali nyeusi iliyopigwa pasi, na kwa upande wake kazi karibu imekwisha. Kwa vazi la mwanamke maamuzi ni mengi zaidi, na ndiko makosa mengi yanakotokea.

Kitenge ndicho kitambaa cha kawaida cha sherehe hizi. Huuzwa kwa kipande cha yadi 6, yaani takriban mita 5.5, na wengi huweza kununua nusu. Jambo la kwanza la kukagua ni upande wa nyuma. Kitenge kizuri cha nta huonyesha rangi karibu sawasawa mbele na nyuma. Kile cha bei nafuu huchapwa upande mmoja, na nyuma yake huwa imepauka. Tofauti hiyo haina madhara kwenye sketi ya kawaida, ila huonekana wazi kwenye kola iliyogeuzwa, mkono uliokunjwa na kilemba. Jambo la pili ni uzi wenyewe. Uzi mmoja uliochomolewa ukingoni na kuchomwa kwa kiberiti, ukinuka kama karatasi na kuacha majivu laini, ni wa pamba. Ukiyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu, umechanganywa na poliesta, na kitambaa hicho kitamtesa mvaaji chini ya hema lenye watu mia mbili.

Kabla ya kwenda kwa fundi, kitenge cha pamba huloweshwa katika maji baridi na kuanikwa kivulini, ili kipungue kabla ya kukatwa badala ya kupungua baada ya kushonwa. Wakati huo huo hujulikana kama rangi inatoka: kitambaa cheupe chenye unyevu kikisuguliwa juu yake na kuchafuka, basi mvua ya alasiri itahamisha rangi hiyo hadi kwenye blauzi ya jirani wakati wa kukumbatiana.

Mchukue karani wa kike wa shule moja mjini Kitale, aliyealikwa kumwaga mwalimu mkuu mstaafu karibu na mji wa Bungoma, Jumamosi moja ya Aprili. Amenunua yadi 6 wiki tatu kabla ya siku yenyewe, na anataka gauni lake na shati la mumewe vitoke humo. Gauni la mikono mifupi linalopita magoti humaliza yadi 3 na nusu, shati la mwanaume mwenye mwili wa wastani humaliza 2 na nusu. Kwa kilemba hakibaki kitu, na hilo si hasara. Kilemba kirefu humziba aliyeketi nyuma asimwone mstaafu akipokea zawadi. Utepe mwembamba wa kichwani, uliotoka kwenye vipande vilivyobaki, unatosha.

Kitenge alichochagua kina duara kubwa. Hapa fundi huhitaji kuagizwa kwa maneno, maana asipoagizwa atakata kwa kuokoa kitambaa, na duara mbili zitaangukia juu ya matiti au makalio, jambo ambalo hakuna pini wala shali itakayoliondoa. Duara moja ikae katikati ya kifua, juu kidogo, na nyingine zishuke mstari mmoja hadi kwenye pindo. Maua au ndege wenye kichwa na miguu wote waelekee juu. Mpangilio huu hula kitambaa zaidi, kwa hiyo mwenye ua kubwa aongeze nusu yadi tangu dukani, au aridhike na shati la mume lenye mikono mifupi.

Kitenge hakivutiki. Gauni lililopimwa sawa kabisa na kifua humzuia mvaaji kupumua vizuri, kwa hiyo huongezwa angalau inchi 2 juu ya kipimo cha mwili kifuani, na nyongani pia, kwa kuwa nyonga hutanuka mtu anapoketi. Fundi aombwe aache inchi 1 ya ziada ndani ya mishono ya ubavuni na inchi 3 kwenye pindo. Akiba hiyo ndiyo inayowezesha kurekebisha. Bila yake kujaribu nguo ni kuitazama tu.

Karani anakwenda kujaribu gauni siku kumi kabla ya sherehe. Amesimama mbele ya kioo, pindo linafika chini kidogo ya magoti, na fundi ameridhika. Lakini kipimo cha vazi hili ni kiti, wala si kioo. Anaketi kwenye kiti cha plastiki, na pindo linapanda inchi 3. Mbele ya meza kuu, akiwa safu ya kwanza, angeshika mkoba magotini kwa saa tatu za hotuba. Fundi anaachia pindo lote, anatia kipande cha kitambaa kingine kwa ndani ili kulifunga, na sasa magoti yamefunikwa hata akiketi. Kisha anainama kana kwamba anaweka zawadi miguuni pa mstaafu. Shingo ya gauni inafunguka, na dawa yake ni kupandisha mshono wa mabega nusu inchi. Mwisho anainua mikono yote miwili, na gauni zima linapanda pamoja nayo.

Kosa hili la tatu hufahamika vibaya. Wengi hudhani kwapa lililokatwa chini, lenye nafasi, humpa mvaaji uhuru. Ni kinyume chake. Tundu la mkono likishuka sana, mkono unapoinuka huvuta ubavu mzima wa nguo. Likikaa karibu na kwapa, mkono huinuka peke yake. Kwa kuwa kitambaa kimekwisha kukatwa, fundi hawezi kulipandisha tundu. Kilichobaki ni kushonea kipande kidogo cha umbo la almasi chini ya kila kwapa, kutoka kwenye mabaki. Hakionekani mikono ikiwa chini, na mikono ikiinuliwa kucheza, gauni linatulia mahali pake. Marekebisho haya matatu yanataka siku chache. Anayechukua nguo yake Ijumaa jioni hana tena nafasi ya kuyafanya.

Hali ya hewa nayo hutenganisha miji hii miwili. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi yake huwa na baridi ya Mlima Elgon. Bungoma iko karibu mita 1,400, na adhuhuri ya huko huwa na joto la unyevu. Karani anayeondoka alfajiri kwa matatu kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye huhitaji sweta au koti la kuvua, si gauni zito. Bitana iwe ya pamba na ianzie kiunoni kushuka chini, kwani bitana ya poliesta mgongoni huchora jasho mbele ya watu. Aprili ni mwezi wa mvua na hema husimamishwa juu ya nyasi, ambamo kisigino chembamba huzama hadi shingoni na kumfanya mvaaji atembee kama aliyejeruhiwa. Kisigino kipana husimama. Raba za njiani zibaki mfukoni.

Kuna mipaka isiyovukwa hata vazi likiwa limeshonwa vizuri. Mtumishi wa umma nchini Kenya kwa kawaida hustaafu akiwa na miaka 60, na siku hiyo ni yake. Kamati ikiwa imetangaza rangi atakayovaa mstaafu na mwenzi wake, mgeni huiepuka. Ikiwa imechagua sare ya wafanyakazi, anayeishona huifuata bila kuongeza shanga wala mkia wa gauni unaomfanya aonekane bibi harusi. Rangi zinazotambulika kuwa za chama cha siasa huachwa nyumbani msimu wa kampeni, hasa na watumishi wa serikali. Muuguzi au askari huvaa sare yake kamili au haivai kabisa; nusu sare na nusu kitenge haipendezi popote.

Mstaafu mwenyewe avae nguo yenye mabega yasiyo na mapambo, kwa maana yatawekewa shuka, leso au koti la zawadi, na mara nyingi shada la karatasi shingoni. Karatasi hiyo ikilowa hutoa rangi, hivyo ni vyema shada livuliwe mvua inapoanza, kabla halijagusa kitambaa cheupe.

Asiye na fedha za kitenge kipya hana sababu ya kukopa. Suti au gauni lake la kazini, likifuliwa, likipigwa pasi na kuongezewa mtandio wa rangi, limefika.