Jentamaisini, sipro na azithromaisini: zinapopiga, zinachoua na zinapodhuru

Jentamaisini, siprofloksasini na azithromaisini huitwa antibayotiki kwa pamoja, lakini zinatoka katika koo tatu zisizofanana. Jentamaisini ni ya ukoo wa aminoglikosidi, pamoja na streptomaisini na amikasini. Siprofloksasini, ambayo wengi huiita sipro, ni fluorokwinoloni, kama zilivyo levofloksasini na moksifloksasini. Azithromaisini na erithromaisini ni makrolaidi. Kila ukoo unamshika bakteria mahali pake na una njia yake ya kumfikia, na njia hiyo hueleza mambo mawili ambayo mgonjwa huyaona: maradhi gani dawa inayaweza, na madhara gani huja nayo.

Aminoglikosidi na makrolaidi zote mbili hushambulia ribosomu, chombo kidogo ndani ya seli kinachosoma maagizo ya jeni na kuunga protini. Binadamu naye ana ribosomu, ila za bakteria zina umbo tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayomwokoa mgonjwa. Ribosomu ina sehemu mbili, ndogo na kubwa. Aminoglikosidi hunata kwenye sehemu ndogo, pale hasa maagizo yanaposomwa. Haizuii usomaji tu, bali huuvuruga, hivyo bakteria huendelea kutengeneza protini, lakini zenye makosa. Baadhi ya protini hizo mbovu hujipachika kwenye utando wa seli na kuufanya uvuje, dawa zaidi ikaingia kupitia hapo, na bakteria akafa. Ndiyo maana ukoo huu huua upesi, na kadiri dozi moja inavyofika juu kwenye damu ndivyo unavyoua vizuri zaidi. Wa kwanza kupatikana ulikuwa streptomaisini, mwaka 1943, kutoka kwa bakteria wa udongoni. Aliyeipata ni Albert Schatz, katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, Marekani, nayo ikawa dawa ya kwanza ya antibayotiki kufanya kazi dhidi ya kifua kikuu.

Makrolaidi hukaa kwenye sehemu kubwa ya ribosomu, ndani ya mfereji ambamo protini mpya hupita ikitoka. Hukaa humo kama mfupa uliokwama kooni: protini huanza kuungwa, ikafika mahali ikashindwa kuendelea. Bakteria aliyezuiwa hivyo kwa kawaida hafi papo hapo. Huacha kuzaliana, na kinga ya mwili humalizia kazi. Kwa hiyo mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana hawezi kutegemea makrolaidi kwa uhakika ule ule wa mtu mwenye afya.

Fluorokwinoloni haigusi ribosomu kabisa. Shabaha yake ni DNA. Bakteria wa kawaida wa utumbo, E. koli, ana uzi wa DNA wenye urefu wa zaidi ya milimita moja, nao umekunjwa ndani ya seli isiyozidi sana elfu mbili za milimita. Uzi wa namna hiyo hujisokota kila unaponakiliwa. Ili usifungane mafundo, vimeng'enya viwili, jairesi na topoisomeresi ya nne, huukata, hupitisha upande mmoja katikati ya mwingine, kisha huuunga tena. Dawa huingia katika nafasi kati ya kukata na kuunga, ikakishika kimeng'enya hapo hapo. DNA hubaki imekatika, na mikato ikiwa mingi bakteria hufa. Tofauti na koo nyingine mbili, hii haikutoka udongoni. Mzizi wake ni asidi ya nalidiksiki, iliyotokana na kazi ya wakemia waliokuwa wakishughulikia klorokwini, na iliyotangazwa mwaka 1962.

Kumfikia bakteria ni jambo la pili. Bakteria wengi huangukia katika makundi mawili kwa namna wanavyoshika rangi aliyoibuni Mdenmaki Hans Christian Gram mwaka 1884. Kundi linaloitwa hasi, ambamo wamo E. koli na vijidudu vya homa ya matumbo, lina utando wa ziada kwa nje. Molekuli ya makrolaidi ni kubwa mno kupenya utando huo kwa urahisi, na hii ndiyo sababu erithromaisini haitumiki kwa maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo. Nguvu ya ukoo huu iko kwingine: kwa streptokoki wa koo, kwa kifaduro, na kwa vijidudu vinavyojificha ndani ya seli za binadamu, kama klamidia. Hata maikoplazma, anayesababisha aina moja ya nimonia na asiye na ukuta wa seli, huiona makrolaidi kuwa adui, ingawa penisilini, inayobomoa ukuta, haina cha kumfanya.

Azithromaisini hasa huingia kwenye seli na kukaa humo siku nyingi baada ya kidonge cha mwisho. Kutokana na hilo dozi moja kwa mwaka, miligramu 20 kwa kila kilo ya mtoto, imetosha kuwa msingi wa kampeni za kutibu vijiji vizima dhidi ya trakoma, ugonjwa wa macho unaoletwa na klamidia na uliochunguzwa kwa miaka mingi Kongwa, Tanzania.

Aminoglikosidi hupenya utando wa nje wa kundi hasi vizuri, lakini hatua ya mwisho, ya kuvutwa ndani, hutumia nishati inayotokana na oksijeni. Pasipo oksijeni, haiingii. Bakteria wanaoishi bila hewa, ndani ya jipu au kwenye nyama iliyokufa, hubaki salama hata dawa ikijaa kwenye damu, na tindikali ya usaha huidhoofisha zaidi. Pia haifyonzwi tumboni, hivyo kwa maambukizi ya mwilini lazima ichomwe sindano. Mara nyingi hupewa mshirika: ampisilini hudhoofisha ukuta wa bakteria, jentamaisini ikapata njia.

Fluorokwinoloni ni molekuli ndogo, hupita katika vitundu vya utando wa nje, na kidonge chake hufyonzwa karibu sawasawa na sindano. Sipro ni kali kwa kundi hasi, pamoja na pseudomonasi, mkaidi wa vidonda na mikojo ambaye dawa nyingi za kumeza hazimwezi. Levofloksasini na moksifloksasini zimeongezewa nguvu kwa bakteria wa nimonia, nazo ni nguzo katika tiba ya kifua kikuu sugu. Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza, badiliko dogo kwenye jeni ya jairesi linatosha kumpunguzia bakteria makali ya dawa, na homa ya matumbo isiyosikia sipro ipasavyo imeenea sana Asia Kusini na imeonekana Kenya pia. Pili, dawa hushikana na madini. Kidonge cha sipro kikimezwa pamoja na dawa ya kiungulia yenye magnesi au alumini, au na vidonge vya madini ya chuma, sehemu kubwa hutoka na choo bila kufika kwenye damu. Inafaa imezwe saa mbili kabla ya vitu hivyo au saa sita baadaye.

Madhara ya aminoglikosidi ndiyo yanayostahili uangalifu mkubwa kuliko yote, kwa sababu moja yake haliponi. Dawa hutolewa mwilini kupitia figo, na seli za mirija ya figo huinyonya na kuilimbikiza. Zikizidiwa, kreatinini huanza kupanda, kwa kawaida baada ya siku kadhaa za sindano, mara nyingi huku mkojo ukitoka kama kawaida. Dawa ikisimamishwa mapema, figo hujirekebisha. Sikio la ndani halijirekebishi. Seli zenye vinyweleo zinazopokea sauti zikifa hazioti tena, na huanza kufa zile za sauti nyembamba, juu ya mazungumzo ya kawaida. Mgonjwa hajui kitu hadi uharibifu ufike kwenye masafa ya usemi. Kipimo cha usikivu hugundua mapema, na tangu Shirika la Afya Duniani liliporekebisha mwongozo wa kifua kikuu sugu, kanamaisini imeachwa na amikasini hutolewa tu pale kipimo hicho kinapopatikana. Jentamaisini na streptomaisini huelekea zaidi kuharibu kiungo cha mizani: mtu huyumba akitembea gizani, na maandishi humchezea machoni akitikisa kichwa.

Mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu anaonyesha jinsi hesabu inavyofanyika. Katika wiki ya kwanza ya maisha, mtoto aliyezaliwa na uzito wa kawaida hupewa jentamaisini miligramu 5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Mtoto wa kilo 3 anahitaji miligramu 15. Kichupa cha watoto huwa na miligramu 20 katika mililita 2, kwa hiyo huvutwa mililita moja na nusu. Kichupa cha watu wazima kinalingana nacho kwa ukubwa, lakini kina miligramu 80 katika mililita 2 zile zile. Muuguzi akivuta mililita moja na nusu kutoka humo, mtoto hupata miligramu 60, mara nne ya anachohitaji. Kipimo sahihi kutoka kichupa hicho hakifiki nusu mililita, na kinahitaji bomba dogo lenye alama za karibu. Dozi hutolewa mara moja kwa siku kwa makusudi: kilele hupanda kuua bakteria, kisha kiwango hushuka, seli za figo na sikio zikapata muda wa kupumzika kabla ya sindano ya kesho.

Madhara ya fluorokwinoloni huonekana zaidi kwenye kano. Ile inayounganisha msuli wa kigimbi na kisigino huuma, huvimba, na wakati mwingine hukatika, hata wiki kadhaa baada ya dawa kwisha. Hatari hupanda kwa wenye zaidi ya miaka 60, na zaidi kwa wanaotumia steroidi. Ganzi au kuwaka miguuni ni dalili kwamba mishipa ya fahamu imeguswa, na dawa husimamishwa mara moja. Mgonjwa wa kisukari anayetumia glibenklamaidi anaweza kushuka sukari ghafla. Kwa hayo yote, mafua na koo linalowasha si kazi ya sipro.

Makrolaidi ni pole zaidi, lakini zinasumbua tumbo, na sababu yake ni ya kipekee: erithromaisini huiga homoni ya motilini inayosukuma utumbo, hivyo maumivu ya kukaza huja kutokana na dawa yenyewe, hata ikichomwa kwenye mshipa. Kwa mtoto chini ya wiki sita inaweza kusababisha msuli wa mlango wa tumbo kunenepa na kuziba. Kutapika kwa nguvu kila baada ya kunyonya ndiyo dalili. Makrolaidi na fluorokwinoloni zote huchelewesha mpangilio wa umeme wa moyo, kwa hiyo kuzichanganya na kwinini ya malaria humweka mgonjwa mwenye moyo dhaifu au potasiamu ndogo katika hatari ya mapigo kuvurugika. Erithromaisini na klarithromaisini, tofauti na azithromaisini, huzuia pia kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa nyingine. Anayetumia simvastatini ya kolesteroli huongezeka dozi mwilini bila kumeza kidonge cha ziada, na maumivu ya misuli pamoja na mkojo mweusi huonyesha kwamba misuli imeanza kubomoka.