Siku 30 Zilizopita Zinaanzia Tarehe Gani?

Mtumiaji wa huduma za fedha kwa simu anapoomba taarifa ya miamala, mara nyingi hupewa taarifa ya “siku 30 zilizopita”. Kipindi hiki si sawa na mwezi wa kalenda. Mwezi huanza tarehe 1 na kukaa palepale hadi utakapokwisha, lakini kipindi cha siku 30 husogea: kila siku mpya inapoingia mwishoni, siku moja ya zamani hutoka mwanzoni. Muamala uliokuwapo jana unaweza kukosekana katika taarifa ya leo, ingawa fedha zilitumwa kweli.

Tuchukue mfano wa mnunuzi wa Biharamulo anayelipia mabati kidogo kidogo katika duka lililoko Ngara. Tarehe 16 Julai 2025 alituma Shilingi 180,000. Mwenye duka alipodai kuwa hakuzipokea, mnunuzi aliomba taarifa ya siku 30 inayoishia tarehe 15 Agosti 2025. Malipo yale hayakuonekana, na mwenye duka akaona kuwa dai lake limethibitika.

Kosa lilikuwa katika hesabu ya tarehe. Mnunuzi alitoa siku 30 kutoka tarehe 15 Agosti, akapata tarehe 16 Julai, akaamini kuwa siku hiyo imo. Lakini tarehe 15 Agosti yenyewe ni mojawapo ya zile siku 30. Tuhesabu kwa kurudi nyuma: kuanzia tarehe 1 hadi 15 Agosti ni siku 15. Zimebaki siku 15, nazo zinachukuliwa kutoka mwisho wa Julai, yaani tarehe 17 hadi 31. Kwa hiyo kipindi kinaanza tarehe 17 Julai. Kukianzisha tarehe 16 kungeleta siku 31.

Kanuni ni hii: ikiwa siku ya mwisho inahesabiwa, toa siku 29, wala si 30. Kwa kuwa miezi haina urefu mmoja, tarehe ya mwanzo hubadilika. Kipindi kinachoishia tarehe 15 Julai huanza tarehe 16 Juni, kwa kuwa Juni ina siku 30. Kinachoishia tarehe 15 Machi 2025 huanza tarehe 14 Februari, kwa kuwa Februari ya mwaka huo ilikuwa na siku 28.

Jambo la pili la kuangalia ni kama siku ya maombi imo. Taarifa nyingine huishia jana yake, kwa kuwa siku ya leo haijakamilika. Kama taarifa iliyoombwa tarehe 15 Agosti ingeishia tarehe 14, ingeanza tarehe 16 Julai, na malipo ya mnunuzi wetu yangeonekana. Kabla ya kubishana na mtu yeyote, soma tarehe mbili zilizoandikwa juu ya taarifa: ya kuanzia na ya kuishia.

Jambo la tatu ni saa. Tarehe ya muamala hubadilika saa sita usiku. Fedha zilizotumwa saa sita na dakika ishirini usiku baada ya tarehe 16 zitaandikwa tarehe 17, hata kama mtumaji anauita usiku huo “usiku wa tarehe 16”. Wakazi wa Ngara waishio karibu na Rusumo au Kabanga wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa saa za Rwanda na Burundi ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa moja. Simu inayojirekebisha saa yenyewe ikinasa mtandao wa ng’ambo, dakika hizo zitasomeka bado kuwa saa tano na dakika ishirini usiku wa tarehe 16. Kwa sababu hiyo, fuata tarehe iliyoandikwa ndani ya ujumbe wa muamala, si ile inayooneshwa na saa ya simu.

Mnunuzi wetu hakuhitaji ushahidi mwingine. Alipaswa kuomba upya taarifa kwa kutaja tarehe, kwa mfano kuanzia 1 Julai hadi 15 Agosti 2025, na kuutafuta muamala kwa kutumia namba yake ya kumbukumbu. Ukiwa na shaka kuhusu mwanzo wa kipindi, omba taarifa inayoanza siku chache kabla ya malipo unayoyatafuta, na usifute ujumbe wa muamala hadi utakapopokea bidhaa yako pamoja na risiti.