Kikomo cha Mwaka Katika Bima ya Marekani

Tuseme bima yako ya afya Marekani inakutaka ulipe mwenyewe dola 2,000 za mwanzo kila mwaka, kisha uchangie asilimia 20, na kikomo ni dola 6,000. Unafanyiwa upasuaji wa dola 50,000. Unatoa zile 2,000. Asilimia 20 ya 48,000 zilizobaki ni 9,600, lakini hulipi zote: ukifikisha 4,000 kikomo kimetimia, na bima inabeba kilichosalia.

Wengi huumia hapa: ada ya kila mwezi haihesabiwi, na kwa kawaida hata bili ya hospitali isiyo na mkataba na bima yako haihesabiwi. Tena, kwa mipango mingi, Januari hesabu huanza upya. Ukilazwa Desemba ukaendelea na matibabu Januari, unaweza kulipa vikomo viwili.