Mshauri Alipwe kwa Siku au kwa Faida?

Tuseme mashine ya kusaga ya kijiji inakunywa lita 10 za dizeli kwa siku. Fundi mshauri anagundua nozeli mbovu. Ikibadilishwa, lita 7 zinatosha. Kwa siku 300 tunaokoa lita 900. Lita ikiwa shilingi 3,000, hizo ni shilingi 2,700,000.

Je, tumlipe siku zake 2 tu, shilingi 60,000? Akidai sehemu moja ya kumi ya faida, yaani 270,000, hajatuibia. Sisi tumebaki na 2,430,000.

Lakini tupatane kabla ya kazi, kwa maandishi. Tena tupime dizeli kabla na baada, kwa magunia yale yale. Tusipopima, wengine watasema, "Aa, mahindi yalikuwa machache!" Hapo ugomvi hauishi.