Kupinda sauti ya kinanda cha mdomo: nguvu hazisaidii

Mwaka jana nilinunua kinanda cha mdomo cha matundu 10, cha ufunguo wa C. Nyimbo nyepesi nilizipata upesi, lakini kuipinda sauti kulinitesa wiki 6 nzima.

Nilianza na tundu la 4. Ndani yake mna vijilimi viwili vya shaba: ukipuliza inalia C, ukivuta pumzi inalia D. Nikadhani nikivuta kwa nguvu D itashuka. Wapi! Ilikoroma, ikakwama.

Kumbe kazi ni ya kinywa. Vuta taratibu kama unayesema "iii", kisha rudisha ulimi nyuma kama unayesema "uuu", taya ishuke kidogo, midomo isikazwe. Nafasi ya ndani inapanuka, vijilimi vinaifuata, na D inashuka nusu hatua. Zaidi ya hapo haishuki, maana C iko chini yake.

Shida ni kuwa ulimi hauonekani. Mahali pake unapatafuta kwa sikio. Nilikaa dakika 10 kila siku baada ya Isha, programu ya kupima sauti iko wazi kwenye simu. Usiku mshale ulipotua kwenye nusu hatua na kutulia, mke wangu aliniambia toka jikoni: "Leo hakikoromi, baba."