Mfungo wa Siku 21 kwa Mwenye Dozi, Mimba au Zamu ya Usiku

Januari makanisa mengi ya Kipentekoste hutangaza mfungo wa siku 21. Hesabu hiyo imetoka Danieli sura ya 10, nayo yafaa isomwe vizuri: katika wiki zile tatu Danieli hakuacha kula. Aliacha vyakula vitamu, nyama na divai. Siku tatu za Esta bila chakula wala maji zilikuwa za taifa lililokabiliwa na kifo, si ratiba ya kila mwaka. Basi anayekula ugali na mchicha mchana, akaacha kitoweo na soda, amefunga.

Tofauti hiyo inawagusa zaidi wenye dawa. Tuseme ni mama mwenye kisukari anayemeza glibenklamaidi asubuhi. Dawa hiyo hulifanya kongosho litoe insulini hata tumbo likiwa tupu. Akimeza dozi asile, sukari yaweza kushuka kabla ya jioni. Atatokwa jasho, mikono itatetemeka, moyo utaenda mbio. Baadaye ataongea maneno yasiyoeleweka, na katikati ya maombi ya sauti kuna watakaodhani ni upako, au pepo. Kipimo kikionyesha chini ya 4, au chini ya 70 kwa vile vya miligramu, mfungo umeishia hapo. Akoroge vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika nusu kikombe cha maji, anywe, apime tena baada ya dakika 15, arudie ikiwa bado iko chini, kisha ale. Kama hana kipimo, dalili zinatosha. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali mara moja.

Kuacha dawa ili kufunga nako ni hatari, kwa sababu sukari itapanda. Anayechoma insulini asifunge kabla daktari hajampangia.

Mjamzito nisingemshauri akae na njaa hata siku moja. Aache vitu vitamu au simu ya jioni, lakini maharage, mayai, maji na vidonge vya damu viendelee. Akiona kizunguzungu kisichoisha, au mtoto akipunguza kucheza, aende kliniki siku hiyohiyo.

Mlinzi wa zamu ya saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi anaweza kula arudipo nyumbani, alale, afunge hadi saa 10 alasiri, kisha ale tena kabla ya kwenda lindo. Wapo watakaosema kufunga usingizini ni ujanja; wao hawajakesha getini. Dereva wa masafa marefu ahamishie mfungo wake siku ya mapumziko.

Wachungaji, mnaposoma tangazo la mfungo madhabahuni, tajeni wagonjwa na wajawazito waziwazi, na semeni kwamba anayekula kwa ajili ya dawa hana haja ya kujificha.