Kwa nini Mjapani huiuza IST yake ikifika miaka 13

Toyota IST zinazojaza barabara za Dar es Salaam nyingi zililipiwa kodi ya kila mwaka huko Japani kabla hazijapanda meli. Kodi hiyo ndiyo mojawapo ya sababu za wenyewe kuziuza.

Nchini Japani kodi ya gari hupangwa kwa ujazo wa injini. Daraja moja huishia cc 1000, linalofuata cc 1500, kisha 2000, na kuendelea. Ndiyo maana injini nyingi za Kijapani zina cc 1496 au 1998: zimewekwa chini kidogo ya mpaka, na si bahati nasibu. IST ya cc 1496 iliyosajiliwa kabla ya Oktoba 2019 hulipiwa yeni 34,500 kwa mwaka. Ile ya cc 1800 huvuka mpaka na kulipiwa 39,500.

Kisha unakuja umri. Gari la petroli likitimiza miaka 13 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kodi yake huongezwa takriban asilimia 15. Kwa la dizeli ni miaka 11. Chukua IST iliyosajiliwa Juni 2008. Ilitimiza miaka 13 Juni 2021, na kuanzia mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2022 ikadaiwa yeni 39,600. Magari ya mseto, yanayotumia petroli na umeme, hayapandishiwi.

Anayedaiwa ni aliyeandikwa kuwa mmiliki Aprili 1, na mwisho wa kulipa kwa kawaida ni mwisho wa Mei. Akichelewa huongezewa riba. Mwaka 2024 riba ilikuwa asilimia 2.4 kwa mwaka katika mwezi wa kwanza, kisha 8.7. Kwa deni la yeni 39,600, kuchelewa miezi 3 huzaa riba isiyofika yeni 1,000, na kiasi hicho husamehewa. Kuchelewa miezi 6 huzaa kama yeni 1,400. Kwa mwenye gari si fedha za kumtisha. Kinachomuuma ni kwamba asiyelipa hawezi kuhuisha cheti cha ukaguzi, ambacho kwa gari lililokwishatumika hudumu miaka 2, na bila cheti gari haliruhusiwi barabarani. Akiendelea kupuuza notisi, mali yake, pamoja na mshahara au akiba ya benki, inaweza kukamatwa.

Anayeuza nje hufuta usajili, na hapo hurudishiwa kodi ya miezi iliyobaki. Akifuta Julai, IST yetu humrudishia miezi 8, Agosti hadi Machi, yaani yeni 26,400.

Sasa tazama upande wetu. Gari linalokimbia kodi ya umri Japani hukutana na umri wake bandarini. Kenya haipokei gari la kawaida lililozidi miaka 8, na Tanzania hulipokea kwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Unapochagua gari mtandaoni, uliza kwanza mwaka wa usajili wa kwanza, kisha ukokotoe ushuru kabla ya kutuma hela.